Mteja amelipa kwa M-Pesa, pesa imeingia, lakini oda bado "inasubiri malipo"

#1 DukaLaVitenge
Wakuu, hamjambo. Nina duka la vitenge mtandaoni, niko Nakuru. Duka limejengwa kwa WordPress na WooCommerce, nina Till ya Nunua Bidhaa, na mteja akibonyeza "Lipa" anapata STK Push kupitia Daraja. Kwa wiki napata oda kama 60. Katika hizo, 4 au 5 zinabaki zimeandikwa "inasubiri malipo", nyingine "imeshindikana", na pesa ninaiona kwenye Till. Mteja naye ana ujumbe wa M-Pesa mkononi. Fundi aliyenitengenezea anasema ni mtandao wa mteja. Hilo linanipiga chenga: kama mtandao wa mteja ni mbovu, pesa imepitaje?

La pili, nina wateja Ujerumani na Marekani wanaotaka kulipa kwa kadi. Nianzie wapi?

#2 SaaMbili
Angalia saa ya seva yako. Seva nyingi za kukodi zimewekwa UTC, ambayo iko nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Daraja inataka `Timestamp`, ikikuta saa si sahihi inagoma. Nimeona wengi wakihangaika na hilo.

#3 KodiKavu
#2, una nusu ya jambo. `Password` inatengenezwa kwa kuunganisha namba fupi, passkey na `Timestamp`, kisha yote yanageuzwa kuwa base64. Kinachovunja ni pale `Timestamp` iliyotumika kutengeneza `Password` inapotofautiana na ile iliyotumwa kwenye ombi, kwa mfano kodi imeita saa mara mbili na sekunde ikageuka katikati. Hapo ombi linakataliwa papo hapo na mteja haoni chochote kwenye simu. Kwa mleta mada simu zinaita, PIN zinawekwa na pesa inaingia. Ombi lake ni zima. Shida iko kwenye safari ya kurudi.

Dada wa vitenge, elewa hivi. Duka lako likituma ombi, Daraja inajibu mara moja kwa `ResponseCode` 0. Maana yake ni "nimepokea ombi lako", haimaanishi kwamba mtu amelipa. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye, yanatumwa na mtambo wao kwenda kwenye anwani uliyoandika kwenye `CallBackURL`. Safari hiyo haipiti kwenye simu ya mteja wala kivinjari chake. Kwa hiyo fundi wako amekosea: mteja anaweza kuzima data baada ya kuweka PIN na oda ikajifunga vizuri tu.

Nenda kwenye kumbukumbu za seva, chukua oda moja iliyokwama, uone kama jibu liliwahi kufika. Badilisha njia iwe ile ya duka lako:

```
grep "POST /malipo/jibu" /var/log/nginx/access.log | tail -50
```

Ukikuta mstari wenye 200 kwa dakika ile, jibu lilifika na kodi yako ndiyo iliyolipoteza. Ukikuta 403, kuna kitu mbele ya kodi kililizuia. Usipokuta mstari kabisa, halikufika kwenye seva.

#4 Mwanamaji_Kisauni
Ongeza na 301 hapo. Kama `CallBackURL` imeandikwa bila www na tovuti inaelekeza kila mgeni kwenye www, jibu linapigiwa 301 na halifiki kwenye kodi. Hata mtumaji akifuata maelekezo, mara nyingi POST inageuka GET na mwili wa ujumbe unabaki njiani. Mkwaju wa mwisho kwenye anwani nao huleta mambo hayo hayo.

#5 KodiKavu
Kweli kabisa, ila ingekuwa 301 zingekwama oda zote 60. Kwake ni 5. Tutafute kitu kinachotokea mara mojamoja.

#6 Mhasibu_Likoni
Mimi naangalia hela, kodi nawaachia nyinyi. Je, hizo 5 zina punguzo au gharama ya kusafirisha yenye senti? M-Pesa haipokei senti kwenye STK, `Amount` lazima iwe namba kamili. Mfano, kitenge cha 2,455 kikipata punguzo la asilimia 10 kinakuwa 2,209.50. Programu inakuza kuwa 2,210 na kutuma. Jibu linarudi na 2210, programu inalinganisha na jumla ya oda, inaona 2210 si 2209.50, inaiacha oda ikisubiri. Nimeikuta hii kwenye vitabu vya duka moja. Tulidhani ni wizi, kumbe ni nusu shilingi.

Dawa ni kukuza jumla kwenye oda yenyewe kabla ya kutuma ombi, sio kukuza kwenye ombi peke yake.

#7 DukaLaVitenge
Asanteni. #6, punguzo ninalo, msimbo wa wateja wa kurudi. Nimeangalia zilizokwama wiki iliyopita: zilikuwa 5, moja tu ndiyo ina senti. Zilizobaki ni namba kamili.

#3, nimempigia fundi akanipa kumbukumbu. Kati ya 5, nne zina mstari wa 200. Moja haina mstari wowote.

#8 KodiKavu
Hapo tumefika pazuri. Zile nne jibu lilifika, moja tumeshaieleza kwa senti. Tunazo tatu. Toa moja na saa zake: mteja alibonyeza saa ngapi, na ulipata majibu mangapi kwa simu ile.

#9 DukaLaVitenge
Oda 1148, Sh 2,450. Kwenye kumbukumbu kuna hivi (fundi amenisomea):

14:02:10 ombi la STK, kitambulisho kinaishia 8841
14:02:31 ombi la STK tena, kinaishia 9017
14:02:36 jibu la 9017, `ResultCode` 1001
14:02:44 jibu la 8841, `ResultCode` 0

Oda imeandikwa "imeshindikana".

#10 KodiKavu
Ndiyo hiyo. Mteja alibonyeza "Lipa", akaona kimya, akabonyeza tena baada ya sekunde 21. Ombi la pili lilikuta la kwanza bado liko wazi kwenye laini yake. 1001 ndiyo inasema hivyo, kwamba mteja tayari ana muamala unaoendelea. Kisha akaweka PIN kwenye lile la kwanza na pesa ikatoka.

Sasa tazama kodi yako ilifanya nini. Ninaamini kabisa imehifadhi `CheckoutRequestID` kwenye oda, sehemu moja tu. Ombi la pili lilipotumwa, 9017 ilifuta 8841. Jibu la 9017 lilipokuja na kushindwa, oda ikaandikwa imeshindikana. Jibu la 8841 lilipofika na pesa, kodi ilitafuta oda yenye 8841 haikuipata, ikajibu 200 na kunyamaza. Pesa imeingia na hakuna anayeidai.

Kosa ni kuchukulia oda moja kuwa ni jaribio moja. Oda moja inaweza kuwa na majaribio matatu au manne, kila moja na kitambulisho chake. Tengeneza jedwali la majaribio pembeni:

```sql
CREATE TABLE majaribio (
  checkout_id VARCHAR(64) PRIMARY KEY,
  oda_id      INT NOT NULL,
  kiasi       INT NOT NULL,
  hali        VARCHAR(12) DEFAULT 'inasubiri',
  risiti      VARCHAR(20) UNIQUE,
  iliundwa    DATETIME NOT NULL
);
```

Jibu likija, tafuta jaribio kwa `checkout_id`, andika matokeo kwenye jaribio hilo, halafu uiulize oda: je, kuna jaribio lolote lililofaulu? Likiwepo moja, oda imelipwa, hata kama mengine kumi yameshindikana. Safu ya `risiti` inabeba `MpesaReceiptNumber`, na `UNIQUE` inazuia risiti moja kuhesabiwa mara mbili kama jibu hilo hilo litakuja tena.

#11 SaaMbili
Si rahisi kuzima tu kitufe cha "Lipa" baada ya kubonyezwa mara ya kwanza? Jedwali zima la nini?

#12 Mwanamaji_Kisauni
Kizime kwa dakika moja, ni sawa, na uandike chini yake "angalia simu yako, weka PIN". Lakini mteja atapakia ukurasa upya, au atafungua duka kwenye simu nyingine. Kitufe kinapunguza tu. Jedwali ndilo linalobeba hesabu.

#13 KodiKavu
Ningeongeza kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukikosa. Jibu la kushindwa halina umbo sawa na la kufaulu. Likifaulu linakuja na `CallbackMetadata`, ndani yake kiasi, risiti na namba ya simu. Likishindwa, sehemu hiyo haipo kabisa. Kodi inayokimbilia kusoma risiti kabla ya kuangalia `ResultCode` inaanguka kila mteja anapokataa, na oda inabaki inasubiri milele. Anza na `ResultCode`. 0 ni amelipa, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni amekataa mwenyewe, 1037 ni simu haikupatikana au hakujibu, 2001 mara nyingi ni PIN isiyo sahihi. Mteja aonyeshwe sababu kwa Kiswahili cha kawaida. "Salio halikutosha" inamrudisha, "hitilafu imetokea" inamfukuza.

#14 ChapaMalipo_TZ
Habari zenu. Niko Mwanza, nimejaribu hii Daraja na laini yangu ya M-Pesa, namba ya 255, haikubali kabisa. Tatizo ni `BusinessShortCode`?

#15 Mwanamaji_Kisauni
Ndugu, Daraja ni ya Safaricom ya Kenya, inataka namba za 2547 na 2541. M-Pesa ya Tanzania iko chini ya Vodacom na ina mlango wake tofauti wa mafundi. Jina moja, mitambo tofauti.

Halafu kwenu M-Pesa peke yake haitoshi. Wateja wako wana Mixx by Yas, ile iliyokuwa Tigo Pesa, wana Airtel Money, wana HaloPesa. Kuunganisha kila mmoja peke yake ni mikataba minne na kodi nne. Ndiyo maana maduka madogo ya huko hupitia kampuni ya kati kama Selcom, AzamPay au ClickPesa, mkataba mmoja na jibu la aina moja. Unalipia ada juu, lakini mambo ya #10 yanabaki yale yale: ombi, kitambulisho, jibu linalokuja baadaye.

#16 ChapaMalipo_TZ
Nimekupata, asante. Nilidhani ni kitu kimoja. Kwa sasa nimeweka Lipa Namba kwenye tovuti, mteja analipa mwenyewe na kunitumia picha ya ujumbe WhatsApp.

#17 Mhasibu_Likoni
Picha ya ujumbe si malipo, ndugu yangu. Ujumbe huandikwa upya kwenye simu kwa dakika mbili. Tafuta namba ya muamala kwenye taarifa ya akaunti yako wewe, kisha ndipo utoe mzigo.

#18 DukaLaVitenge
#10, fundi amekiri, kitambulisho kinahifadhiwa sehemu moja. Zile oda nyingine mbili nazo zina ombi mara mbili. Anaanza jedwali leo. Sasa ile isiyo na mstari wowote, oda 1131? Mbele ya seva kuna huduma ya kinga dhidi ya maroboti.

#19 Mwanamaji_Kisauni
Basi mimi naiweka kwa hiyo kinga. Jibu la Daraja linatoka kwenye mtambo, halina kivinjari, halina kuki, haliwezi kutatua fumbo la "thibitisha wewe ni mtu". Likionekana roboti linazuiwa kabla ya kufika kwako, ndiyo maana kumbukumbu za seva hazina kitu. Ingia kwenye kumbukumbu za kinga yenyewe, tafuta dakika ile. Kama unatumia Cloudflare ya bure, jua kwamba Bot Fight Mode hairukwi kwa kanuni utakayoandika, inabidi uizime. Au tumia jina dogo la pembeni kwa ajili ya majibu ya malipo tu, kwenye DNS liweke lisipite kwenye kinga, na seva yenyewe ilindwe kwa orodha ya anwani za IP wanazokupa Safaricom.

#20 KodiKavu
Inawezekana, lakini majibu mengine ya wiki ile yamepita kinga ile ile. Kwa nini lizuiwe moja? Kuna uwezekano seva ilikuwa inawashwa upya, au njia ilikatika kwa sekunde chache. Angalia kama ilisasishwa saa ile.

Vyovyote iwavyo, usijenge duka linalotegemea jibu kufika, wala kutumwa tena likikosa. Kila dakika mbili endesha kazi inayochukua majaribio yote yenye hali "inasubiri" ambayo yamepita sekunde 90, iulize Daraja moja moja:

```
POST https://api.safaricom.co.ke/mpesa/stkpushquery/v1/query

{
  "BusinessShortCode": "...",
  "Password": "...",
  "Timestamp": "...",
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_..."
}
```

Sekunde 90 nimesema kwa sababu mteja ana kama dakika moja ya kuweka PIN. Ukiuliza mapema unapata `500.001.1001`, "The transaction is being processed". Hiyo inakuja na sura ya kosa la seva na programu nyingi huandika oda imeshindikana. Maana yake ni subiri. Iache, uulize tena.

Usiulize kila sekunde 3 kwa kila mteja, utafungiwa kwa kupiga mlango mno. Na tokeni ya kuingilia inaishi sekunde 3599, ihifadhi uitumie tena, usiombe mpya kila ombi.

#21 Mhasibu_Likoni
Ongeza na hili la WooCommerce: kuna mpangilio wa kushikilia mzigo kwa dakika, kwa kawaida ni 60. Oda isiyolipwa ikipita hapo inafutwa na kitenge kinarudi rafuni. Ukija kuthibitisha malipo kesho yake, kitenge kimeshauzwa kwa mwingine. Kwa hiyo hiyo kazi ya #20 lazima imalize kabla ya saa moja.

#22 Ngome_Kuu
Nasoma kimya toka mwanzo, hakuna aliyeuliza hili: jibu la STK halina sahihi ya kuthibitisha kwamba kweli limetoka Safaricom. Yeyote akiijua anwani yako ya `CallBackURL` na kitambulisho cha ombi lake anaweza kutuma `ResultCode` 0 mwenyewe na kuchukua kitenge bure. Baadhi ya programu-jalizi hurudisha `CheckoutRequestID` mpaka kwenye kivinjari cha mteja, yaani unampa ufunguo mkononi.

#23 KodiKavu
Hoja nzito. Mimi hulichukua jibu kama taarifa tu kwamba kuna jambo, kisha naiuliza Daraja kwa njia ya #20 kabla ya kuandika oda imelipwa. Hapo aliyetuma jibu la uongo ameniamsha tu nikaulize.

#24 Ngome_Kuu
Hiyo inaongeza ombi moja kwa kila oda na ikichelewa mteja anangoja. Mimi napendelea neno la siri refu ndani ya anwani, tofauti kwa kila jaribio, pamoja na orodha ya IP. Linabaki kati ya seva yako na Safaricom, haliendi kwenye kivinjari, kwa hiyo mteja hawezi kulijua.

#25 KodiKavu
Linaandikwa kwenye kumbukumbu za seva, na kumbukumbu husomwa na wengi. Kwa oda 60 kwa wiki, ombi moja la ziada ni gharama ndogo. Kwa duka la oda elfu kwa saa ningekusikiliza.

#26 DukaLaVitenge
Nitamwambia fundi afanye yote mawili kama haidhuru. Kadi jamani, msinisahau.

#27 Mhasibu_Likoni
Kadi ni mkataba mwingine kabisa. Stripe haifungulii akaunti biashara iliyosajiliwa Kenya, kwa hiyo angalia Pesapal, DPO, Paystack au Flutterwave. Jiandae na cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA, kitambulisho chako na akaunti ya benki. Wataitembelea tovuti yako pia: wanataka kuona bei, njia ya kukupata, na masharti ya kurudisha bidhaa. Tovuti isiyo na ukurasa wa masharti ya kurudisha hurudishwa nyuma mara nyingi.

Chagua njia ambayo mteja anahamishiwa kwenye ukurasa wao kuandika namba ya kadi. Namba za kadi zikigusa seva yako unaingia kwenye masharti ya PCI DSS ambayo duka dogo halitayaweza. Na hakikisha 3-D Secure imewashwa, ile hatua ya benki kumtumia mteja namba ya siri au kumwomba athibitishe kwenye programu yake.

#28 SaaMbili
3-D Secure ikiwepo basi mteja hawezi tena kudai pesa irudi. Hapo uko salama.

#29 Mhasibu_Likoni
Hapana, SaaMbili. Inakusaidia mwenye kadi akisema "sikufanya ununuzi huu": kwa kawaida mzigo huo unahamia benki iliyotoa kadi. Akisema "nimelipa, kitenge hakijafika" au "kimekuja tofauti na picha", 3-D Secure haikusaidii kitu. Madai hayo huweza kuja hata baada ya miezi mitatu, kwa aina nyingi mwisho ni siku 120. Unachohitaji ni ushahidi wa kufika: namba ya kufuatilia mzigo na jina la aliyepokea. Kwa Ujerumani na Marekani usitume kifurushi kisichofuatiliwa. Mteja akishinda, unakatwa bei yote pamoja na ada ya shauri.

M-Pesa ni tofauti, pesa haikai benki ya mteja ikingoja kupingwa miezi. Kwa hiyo usiweke hesabu za kadi na za Till kwenye kapu moja. Ya kadi inakuja benki baada ya siku kadhaa, ada ikiwa imeshakatwa, kwa mafungu. Oda tatu zinaweza kuingia kama kiasi kimoja kisichofanana na oda yoyote.

#30 DukaLaVitenge
Nitoze kwa shilingi au dola?

#31 Mwanamaji_Kisauni
Shilingi kwanza. Benki ya mteja itabadilisha yenyewe, mwambie tu kwenye ukurasa kwamba kiasi cha mwisho kinategemea benki yake. Ukitoza dola na akaunti yako ni ya shilingi, mabadiliko yanafanyika upande wako kwa bei ya kampuni ya kati, na kurudisha pesa baada ya wiki mbili kunaweza kukugharimu kuliko ulichopokea.

#32 Kitenge_Berlin
Mimi ni mnunuzi, niko Berlin. Naomba masharti ya kurudisha yaandikwe kabla sijalipa, sio baada. Na jina litakalotokea kwenye taarifa yangu ya benki liandikwe pale pale. Kampuni ya kati ikitokea kwa jina lake, wengi tunaona jina geni tunapiga simu benki kupinga.

#33 Mhasibu_Likoni
Hilo la jina ni muhimu sana, asante. Uliza kabla ya kusaini kama jina la duka litatokea.

#34 DukaLaVitenge
Mrejesho. Jedwali limewekwa jana usiku na senti zinakuzwa kwenye oda. Leo wateja wawili wamebonyeza mara mbili, oda zote mbili zimejifunga sawa. Oda 1131 tumeiuliza kwa njia ya #20, ikarudi `ResultCode` 0, nikaifunga na kutuma mzigo. Kwenye kumbukumbu za kinga za dakika ile hakuna kilichozuiwa, lakini zinaonekana kuwa za sampuli tu, si zote. Seva nayo haikuwashwa upya.

#35 Mwanamaji_Kisauni
Za sampuli hazithibitishi kitu. Bado nasema kinga.

#36 KodiKavu
Na mimi bado nasema njiani. Weka jina la pembeni lisilopita kwenye kinga, kama #19 alivyosema, kisha hesabu wiki mbili ni majaribio mangapi yamefungwa na kazi ya dakika mbili badala ya jibu lenyewe. Yakiwa sifuri, Mwanamaji atakuwa sahihi nami nitakubali hapa hapa.